Namba 38 imeisha, tangazo bado linakula pesa: kutafuta chanzo na kurekebisha

Mwongozo huu ni wa mwenye duka anayelipia tangazo la Facebook au Instagram ambalo mteja akiligusa anaangukia WhatsApp ya duka. Nimechukua mfano wa viatu vya shule, vile vyeusi vinavyogombaniwa Januari shule zikikaribia kufunguliwa, kwa sababu kiatu kina namba na namba ndiyo inayosumbua. Rafu inaweza kuwa na jozi kumi na nne na bado ukawa huna cha kumuuzia zaidi ya nusu ya watu wanaokuandikia. Mwenye kuuza magauni ya saizi au vitenge vya rangi mbalimbali atalikuta tatizo lilelile.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, shika jambo moja. Mfumo wa matangazo hauoni stoo yako. Unaona pesa uliyouwekea na unaona watu wanaoanza mazungumzo, basi. Jozi ya mwisho ikitoka dukani saa nane mchana, saa nane na dakika moja tangazo linaendelea kuonyeshwa kama kawaida. Kwa hiyo kazi yako ni kuugeuza mzigo ulionao uwe kiasi cha pesa na muda, kwa maana hizo ndizo lugha mbili ambazo mfumo unazielewa.

## Dalili ya kwanza: meseji zinamiminika, mauzo yameshuka

Ukifungua simu ya duka unakuta hivi:

"Habari dada, hiki kiatu kipo namba 38?"
"38 imeisha mama, zipo 39 na 40."
"Mtoto anavaa 38."

Halafu kimya. Mazungumzo ya namna hiyo yakiwa matatu kwa siku, hiyo ni biashara ya kawaida. Yakiwa ishirini na tano kati ya hamsini, unalipia watu ili uwaambie huna.

Ugumu wa dalili hii ni kwamba skrini ya matangazo inaonyesha mambo yako shwari. Gharama ya kila mazungumzo haijapanda, na huenda hata imeshuka, maana kiatu kinapendwa na watu wanauliza. Mfumo haujui kwamba jibu lako lilikuwa "imeisha". Kwa hiyo usitafute chanzo kwenye skrini hiyo, kitafute kwenye meseji zenyewe. Chukua mazungumzo 50 ya mwisho, kaa na karatasi, na kwa kila moja andika alichoulizia na alivyojibiwa. Kazi hii haichukui hata nusu saa. Ukimaliza utakuwa unajua ni namba gani inayoulizwa, wangapi walikuta haipo, na wangapi walikuta ipo lakini hawakununua. Hao wa mwisho wana shida nyingine, labda bei au nauli ya bodaboda, na kuzima tangazo hakutawasaidia.

Sasa twende kwenye hesabu. Chukua duka la Kariakoo lililopokea jozi 60: namba 35 jozi 8, namba 36 jozi 10, namba 37 jozi 14, namba 38 jozi 14, namba 39 jozi 8 na namba 40 jozi 6. Mwenye duka anaweka tangazo la shilingi 30,000 kwa siku. Kila mazungumzo yanamgharimu kama shilingi 600, hivyo kwa siku anapata watu 50, na kati yao 10 wananunua. Maana yake kila jozi inayouzwa kupitia tangazo imebeba shilingi 3,000 za tangazo. Faida yake kwa jozi, kabla ya kutoa gharama hiyo, ni shilingi 9,000. Biashara nzuri.

Anajiambia jozi 60 gawanya kwa 10 ni siku sita, kwa hiyo anaweka shilingi 180,000 na kuendelea na shughuli nyingine. Hapo amekosea mara mbili. Kwanza amesahau kaunta. Kuna watu wanaoingia dukani kwa miguu bila kuona tangazo lolote, nao wanabeba jozi 6 kwa siku. Pili amehesabu jozi zote kama kitu kimoja, wakati wateja wanataka zaidi 37 na 38. Katika zile 10 za tangazo, 3 ni namba 37 na 3 ni namba 38. Kaunta nayo inachukua 2 za 37 na 2 za 38. Namba 37 inapungua kwa jozi 5 kila siku: asubuhi ya kwanza 14, jioni 9, jioni ya pili 4, na siku ya tatu mchana rafu yake iko wazi. Namba 38 vivyo hivyo.

Siku ya nne asubuhi anazo jozi 14 dukani, na kwa macho bado ni mzigo. Lakini hakuna 37, hakuna 38, na ya 36 imebaki moja. Tangazo linaleta watu 50 kama jana, na wanaonunua ni 3. Faida ya jozi 3 ni shilingi 27,000, tangazo limekula 30,000. Siku ya tano wananunua 2, anapoteza shilingi 12,000. Skrini bado inamwambia kila mazungumzo ni shilingi 600.

Kwenye hesabu hii kuna kipimo ambacho kila mwenye duka anatakiwa akijue kwa bidhaa yake. Gawanya faida ya jozi moja kwa gharama ya mazungumzo moja: 9,000 kwa 600 ni 15. Katika kila watu 15 wanaoandika, angalau mmoja anunue, la sivyo tangazo linakula mtaji. Kwa watu 50 kwa siku ni lazima auze jozi 4 ili abaki na chochote. Siku ambayo zilizotoka kupitia tangazo ni 3, tangazo hilo lilitakiwa liwe limeshazimwa au limebadilishwa.

Rekebisho la wakati huo ni kuzima mara moja tangazo lenye picha na maneno ya kiatu chote. Usijaribu kuhariri maneno ya tangazo hilohilo kwa kuandika "37 na 38 zimeisha", kwa sababu ukihariri linarudi kwenye ukaguzi, na pia mfumo unaanza upya kujifunza nani wa kumwonyesha. Jozi 14 zilizobaki ziache kaunta izimalize, au ziwekee tangazo dogo la pembeni linalotaja namba zake wazi kwenye picha yenyewe: "Zimebaki 35, 39 na 40". Mzazi wa mtoto anayevaa 38 atapita bila kugusa, na ndivyo unavyotaka.

Wengi hukimbilia kuweka salamu ya kujibu yenyewe kwenye WhatsApp Business: "Karibu, namba zilizopo leo ni 35, 39 na 40." Iweke, inamwokolea mteja muda na inakuokolea wewe vidole. Ila ujue haiokoi pesa. Kwa kawaida Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, inakutoza kwa tangazo kuonyeshwa, kwa hiyo mtu akifika kwenye salamu yako gharama imeshaingia. Halafu salamu hiyo inaenda kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza au ambaye mmekaa siku 14 bila kuwasiliana. Aliyekuuliza juzi akirudi leo hataiona.

## Dalili ya pili: unagundua mzigo umeisha baada ya mteja kukuambia

Hapa tatizo ni kengele. Huna kiwango kinachokuambia "sasa punguza", kwa hiyo unategemea aibu ya kumwambia mtu aliyekwisha tuma pesa kwamba kiatu hakipo.

Kengele inapigiwa hesabu hivi: namba hiyo inauza ngapi kwa siku, jumla ya tangazo na kaunta, zidisha kwa siku zilizopo hadi utakapohesabu tena, kisha ongeza jozi ulizoahidi ambazo hazijalipiwa. Duka letu linahesabu mara moja kwa siku, jioni. Namba 37 inatoka jozi 5 kwa siku, na kuna wateja 2 waliosema "niwekee, nalipa kesho". Kengele ni 5 jumlisha 2, yaani 7. Jioni ya siku ya kwanza zilikuwa 9, hakuna haja ya kugusa kitu. Jioni ya siku ya pili zilikuwa 4. Hapo ndipo tangazo lilipotakiwa kuguswa, usiku uleule, wakati bado rafu ina viatu na hakuna mteja aliyekasirika.

Angalia kwamba zile jozi 2 za ahadi zimo ndani ya hesabu. Makosa mengi ninayoyaona yanatoka hapo. Muuzaji anaangalia rafu, anaona jozi 4, anaridhika. Lakini mbili zina wenyewe ndani ya inboksi, na kijana wa kaunta hajui, naye anaziuza kwa anayetoa hela mkononi. Lebo za WhatsApp Business zinasaidia sana hapa. Mpe kila aliyeahidi lebo ya kusubiri malipo, kisha kiatu chake kitoe rafuni, kiweke kwenye boksi lenye jina lake na saa ya mwisho ya kulipa. Saa ikipita, kinarudi rafuni na mteja anaambiwa. Kama huna muda wa kutoa viatu rafuni, basi angalau kaunta na mwenye simu waandike kwenye daftari moja. Madaftari mawili hayatalingana.

Jambo la pili ni kuweka pesa kulingana na namba inayoisha kwanza. Duka letu lilikuwa na jozi 14 za namba 37 zinazotoka 5 kwa siku, yaani muda usiofika siku 3. Siku 3 kwa 30,000 ni 90,000, na kwa kuwa hazifiki siku 3 kamili, kiasi sahihi cha kuanzia kilikuwa kama shilingi 80,000. Hizo 180,000 zilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile ambacho mzigo ungeweza kubeba.

Unapounda kampeni kwenye Ads Manager, yaani ukurasa wa Meta wa kuendeshea matangazo, badala ya `Daily budget` chagua `Lifetime budget`, andika kiasi hicho na tarehe ya mwisho. Bajeti ya siku usipoiwekea tarehe ya mwisho haikomi mpaka uikumbuke, na tena kwa siku moja mfumo unaruhusiwa kutumia zaidi ya ulichoandika halafu ufidie siku nyingine za wiki. Bajeti ya muda wote haivuki kiasi chake. Mzigo ukiwa umebaki ikifika mwisho, unaongeza. Kuongeza pesa ukiwa na viatu ni rahisi kuliko kuomba radhi ukiwa huna.

Ukiwa tayari una kampeni ya bajeti ya siku na hutaki kuivuruga, tumia `Automated rules`. Weka sharti kwamba matumizi yakizidi 80,000 kampeni izimwe. Mfumo unakagua masharti takriban kila nusu saa, kwa hiyo unaweza kupita kidogo, haitakuwa nyingi. Kumbuka tu kwamba sharti hilo nalo halioni rafu. Siku kaunta ikichangamka kuliko ulivyokisia, viatu vitaisha kabla ya pesa. Kuhesabu jioni kunabaki palepale.

## Dalili ya tatu: umezima, lakini meseji au makato hayakomi

Hii inawatia watu wasiwasi mkubwa, na vyanzo vyake viko vinne ambavyo vinatenganishwa kwa urahisi.

Anza na kujua kama kweli kuna tangazo linaloendelea. Fungua Maktaba ya Matangazo ya Meta, `Ad Library`, tafuta jina la ukurasa wako na uangalie yanayoonyeshwa kuwa hai. Maktaba hiyo iko wazi kwa mtu yeyote na inaonyesha kila tangazo la ukurasa linaloendelea, hata lile ulilolisahau. Mara nyingi utakuta posti iliyobustiwa kutoka ndani ya simu, pengine na mdogo wako anayesaidia dukani, wakati wewe ulizima ile ya Ads Manager. Kiatu ni kilekile, picha ni ileile, lakini ni matangazo mawili. Rudi kwenye simu, fungua posti, izime palepale ilipowashiwa.

Kama kwenye maktaba hakuna kitu na meseji zinaendelea, hizo zinatoka kwa watu waliohifadhi posti, waliotumiwa na rafiki, au walioiona jana na leo wamepata mshahara. Huzilipii. Wajibu vizuri. Kama posti yenyewe bado iko kwenye ukurasa wako, hariri maelezo ya posti kwamba namba fulani zimeisha, sasa haina madhara kwa kuwa haijalipiwa.

Kama meseji zimekoma lakini benki imekata pesa kwenye kadi, angalia kwanza tarehe. Mara nyingi Meta inakusanya deni lako hadi lifike kiwango fulani au siku ya bili ya mwezi, ndipo inakata. Makato ya Alhamisi yanaweza kuwa ya matangazo ya Jumatatu. Fungua ukurasa wa malipo na ulinganishe tarehe za matumizi na saa uliyozima.

Chanzo cha nne ni kile kinachoumiza zaidi, na kinawapata wale waliojifunza kidogo. Duka lina kampeni moja yenye seti mbili za matangazo, viatu vya wasichana na viatu vya wavulana, na bajeti imewekwa juu kwenye kampeni, ile inayoitwa `Advantage+ campaign budget`. Viatu vya wasichana vikaisha, mwenye duka akazima seti hiyo na kulala akijua ameokoa nusu ya pesa. Hakuokoa chochote. Shilingi 30,000 zote zimehamia kwa wavulana. Viatu vya wavulana vilivyokuwa vitoshe wiki vinaanza kutoka kwa kasi ambayo hakuipangia, na kila mazungumzo yanaweza kuanza kugharimu zaidi kwa kuwa pesa nyingi inawasukumia tangazo watu walewale.

Utaijua kwa kuangalia matumizi ya kampeni nzima, jana na leo. Kama seti moja imezimwa na jumla haijashuka, pesa imehama. Ukizima seti, punguza na bajeti ya kampeni muda huohuo, kwa sehemu ile ambayo seti iliyozimwa ilikuwa inaitumia. Kwenye biashara ya vitu vinavyoisha mimi napendelea bajeti ikae kwenye kila seti. Mfumo utapoteza kidogo uwezo wa kupeleka pesa panapolipa, lakini ukizima kitu unajua kimezimika.

Hapo linakuja swali la seti ngapi. Ingependeza kila kundi la namba liwe na seti yake, ili 37 na 38 zikiisha uzime hizo peke yake na za watoto wadogo ziendelee. Tatizo ni kwamba kila seti inahitaji kupata kama mazungumzo 50 ndani ya wiki moja ndipo itoke kwenye kipindi cha kujifunza. Kwa shilingi 30,000 kwa siku unapata mazungumzo 350 kwa wiki, seti mbili au tatu zinashiba. Kwa shilingi 5,000 kwa siku unapata kama 58 kwa wiki, na hizo zinatosha seti moja tu. Mwenye bajeti ndogo asigawanye. Awe na seti moja na ahesabu rafu yake mara nyingi zaidi.

## Dalili ya nne: mzigo umefika, umewasha, na tangazo limelala

Umepokea kago, umepanga rafu, umewasha tangazo lililokuwa linaleta watu 50, leo limeleta 18 kwa pesa ileile. Jiulize lilikaa limezimwa siku ngapi.

Chini ya siku 7, kuzima na kuwasha kwenyewe hakufuti kile ambacho mfumo ulijifunza. Likifika siku 7 au zaidi, likiwashwa linaanza kujifunza upya, na kwenye safu ya `Delivery` utaona neno `Learning`. Katika kipindi hicho gharama inapanda na kushuka, na hakuna cha kufanya ila kulipa muda. Usiliguse. Kila ukibadilisha picha, walengwa au maneno, au ukiongeza tangazo jipya ndani ya seti hiyo, hesabu inarudi mwanzo. Kosa la kawaida ni mtu kuona siku mbaya ya kwanza, akabadilisha picha. Siku ya pili akabadilisha walengwa. Wiki ikaisha bado neno ni `Learning`.

Kwa hiyo uamuzi wa kuzima au kupunguza unategemea jibu la mwagizaji wako. Mzigo ukiwa njiani na utafika ndani ya siku 4 au 5, zima bila woga. Ukijua utachukua siku 10, na bado una namba kadhaa zinazouzika, shusha bajeti hadi kiwango kinacholingana na zilizobaki badala ya kuzima, ili seti ibaki hai. Duka letu likiwa na uhakika wa kuuza jozi 1 au 2 kwa siku kwa namba zilizobaki, na tangazo lake linataja namba hizo tu, shilingi 5,000 zinatosha. Kushusha kwa kiasi kikubwa hivyo kunaweza nako kuamsha kujifunza upya. Nalikubali hilo, kwa sababu siku chache za kujifunza kwa shilingi 5,000 ni nafuu kuliko kupoteza shilingi 12,000 kila siku.

Kama huna kabisa cha kuuza, zima, hata kama utakaa mwezi. Nimesikia ushauri wa kuacha tangazo liendelee "ili lisipoe" huku ukikusanya oda za mzigo ujao. Hilo lina maana pale tu ambapo una tarehe ya kweli ya mzigo na mteja anaambiwa mapema kwenye tangazo lenyewe kwamba ni oda ya kusubiri. Mzazi wa Januari ana siku ya shule kufunguliwa, hawezi kusubiri. Ukichukua hela yake na kago ikachelewa bandarini, hasara yake haiko kwenye matangazo tena.

## Dalili ya tano: katalogi inatangaza kilichoisha

Hii inawahusu wenye tovuti na katalogi. Matangazo yanayochota bidhaa kutoka kwenye katalogi yana faida moja kubwa: bidhaa ikiandikwa kuwa imeisha, yanaacha kuionyesha yenyewe. Yasipoacha, fungua faili la bidhaa uangalie mistari ya kiatu hicho. Sehemu inayohusika inatakiwa ionekane hivi:

```
id,item_group_id,size,availability
VS-37,VS,37,out of stock
VS-38,VS,38,out of stock
VS-39,VS,39,in stock
```

Ukikuta mstari mmoja tu wa kiatu chote, chanzo umekipata. Tovuti inasema kipo kwa sababu namba 39 ipo, na 38 haina mahali pa kusema imeisha. Kila namba iwe na mstari wake, na `item_group_id` iziunganishe.

Ukikuta mistari iko sawa, angalia ratiba ya kusomwa kwa faili. Ikisomwa mara moja usiku, kiatu kilichoisha saa nne asubuhi kitatangazwa mchana kutwa. Kwa Meta unaweza kuweka isomwe kila saa. Ukitangaza bidhaa na Google pia, huko neno lenyewe huandikwa `out_of_stock`, na kinachoandikwa kwenye faili lazima kilingane na kinachoonekana kwenye ukurasa wa bidhaa, vinginevyo bidhaa inaweza kukataliwa. Washa `Automatic item updates` ili tofauti ndogo zirekebishwe zenyewe. Bidhaa ikiisha ibadilishe hali yake, usifute mstari. Ukiufuta, siku ikirudi inakuwa kama imeingia upya.

Na tangazo la picha ya kawaida lenye kiatu hichohicho halisomi katalogi kabisa. Hilo litazimwa kwa mkono.

## Kabla ya kuwasha tena

Wale walioambiwa "38 imeisha" usiwaache waondoke bure. Wape lebo kwenye WhatsApp Business, mfano "Anasubiri 38". Kwa duka letu, siku za nne na tano peke yake zingeweza kukupa majina hamsini na zaidi, na gharama yao imeshalipwa.

Mzigo ukifika, waandikie hao kwanza, mmoja mmoja: "Mama, namba 38 uliyoulizia Jumanne imefika leo, bei ni ileile. Nikuwekee mpaka saa kumi?" Usitegemee kutuma kwa orodha moja ya matangazo ya WhatsApp, maana ujumbe wa orodha unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na mteja wa tangazo mara nyingi hajaihifadhi.

Wasubiri hadi saa uliyowapa. Wengine watakuwa wameshanunua kwingine, wengine watatuma bodaboda papo hapo. Jioni hesabu rafu namba kwa namba, piga upya hesabu ya namba inayotoka kwa kasi, andika kiasi hicho kwenye bajeti, ndipo uwashe tangazo.